Gama ya monita: nyeupe haijaguswa, uso umeharibika

Malalamiko ya studio za picha za harusi yanafanana sana. Kwenye monita ya studio sura ya bibi harusi ilikuwa imekaa vizuri, ngozi inang'aa, macho yanaonekana. Picha ilipotoka kuchapishwa, au mteja alipoifungua kwenye simu yake, uso umekuwa mweusi kuliko bibi harusi mwenyewe alivyo. Cha ajabu, shela ni jeupe kama lilivyokuwa na suti ya bwana harusi ni nyeusi kama ilivyokuwa. Zilizozama ni nyuso tu, pamoja na mbao za viti na vivuli vya mapambo. Lawama huenda kwa printa, kisha kwa karatasi, kisha kwa simu ya mteja. Wachache hufungua menyu ya monita na kuangalia mstari mmoja ulioandikwa Gamma, uliobadilishwa siku nyingi zilizopita na mtu aliyekuwa anacheza gemu, au uliokuja hivyo kutoka kiwandani.

Mstari huo una tabia inayofanya kosa lake lisionekane kirahisi. Haugusi nyeusi kabisa wala nyeupe kabisa. Unachosogeza ni kila kilicho katikati, yaani toni za kati, na humo ndimo rangi ya ngozi ya watu wengi wa kwetu inamoangukia. Mtu anayekagua monita yake kwa kuangalia kama nyeupe ni nyeupe na nyeusi ni nyeusi ataridhika, ilhali picha zote anazohariri zinakwenda upande.

Ili kuona inavyotokea, tuanze na kile ambacho kompyuta inakituma. Haitumi mwanga, inatuma namba. Kwa kila nukta ya picha kuna namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Tuchukue kijivu, ambacho namba zake tatu ni sawa, maana hapo hesabu ni nyepesi. Sifuri ni giza, 255 ni nyeupe yote ambayo monita inaweza kuitoa. Namba 128 iko katikati, kwa hiyo mtu angetegemea itoe nusu ya mwanga wa nyeupe. Haitoi. Kwenye monita iliyo sawa inatoa asilimia 22 tu, na bado jicho linakubali kwamba hicho ni kijivu cha katikati.

Hilo si kosa. Jicho halihesabu mwanga kwa kujumlisha. Ukiwa kwenye chumba chenye balbu moja ukawasha ya pili, unashtuka. Ukiwa kwenye ukumbi wenye balbu ishirini ukawasha ya ishirini na moja, huenda usigundue. Tunaona vizuri tofauti ndogo gizani na tunazipuuza kwenye mwanga mkali. Kwa kuwa namba ni 256 tu, ni busara nyingi zitumike kwa sehemu zenye giza, ambako jicho ni kali, na chache kwa sehemu zenye mwanga. Kamera huzipanga hivyo inapohifadhi picha, na monita huzipangua inapoionyesha. Mpanguo huo ndio mkunjo wa gama, na hesabu yake ni fupi:

```
mwanga = (namba / 255) ^ gama
```

Alama ya `^` maana yake ni kupandisha kwa kipeo. Namba inagawiwa kwa 255 ili iwe kati ya 0 na 1, halafu jibu linapandishwa kwa kipeo ambacho ndicho gama. Kipeo kinachokubalika kwa kazi za kompyuta ni takriban 2.2. Hakikuchaguliwa kwa kura. Zile televisheni na monita za chogo zilikuwa na bunduki ya elektroni nyuma ya kioo, na mwanga uliotoka haukulingana na volti iliyoingia moja kwa moja. Ulifuata kipeo cha kama 2.4 hivi kutokana na fizikia ya bunduki yenyewe. Ikatokea kwamba mkunjo huo unakaribia sana kuwa kinyume cha jinsi jicho linavyohisi mwanga, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuuondoa. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza kanuni moja ya rangi kwa ajili ya mtandao na vifaa vya kawaida, wakaiita sRGB, na mwaka 1999 ikawa kiwango rasmi cha kimataifa, IEC 61966-2-1. Picha nyingi unazozipata leo zimepangwa kwa mkunjo wake.

Sasa rudi kwenye menyu. Monita nyingi hukupa chaguo kadhaa: 1.8, 2.0, 2.2, 2.4, 2.6. Ukibadilisha kipeo, miisho miwili haitikisiki kwa sababu ya hesabu yenyewe. Sifuri ukiipandisha kwa kipeo chochote inabaki sifuri, na moja inabaki moja. Lakini sehemu yoyote ya moja, kwa mfano nusu, kila ukiongeza kipeo inapungua. Kijivu cha 128 kwenye gama ya 1.8 kinatoa asilimia 29 ya mwanga wa nyeupe. Kwenye 2.2 kinatoa asilimia 22. Kwenye 2.6 kinashuka hadi asilimia 17 hivi. Namba iliyotumwa na kompyuta ni ileile. Kilichobadilika ni monita inavyoitafsiri, na ndiyo maana kipeo kidogo kinafanya picha ionekane imepauka na kipeo kikubwa kinaifanya ionekane imezama.

Tuifuate sura moja mpaka mwisho. Chukua sehemu ya shavu la bibi harusi yenye namba 100. Namba tatu za ngozi huwa hazilingani, nyekundu huwa juu zaidi, lakini 100 inatosha kuonyesha jambo. Kwenye mkunjo wa 2.2 shavu hilo linatakiwa litoe asilimia 12.8 ya mwanga wa nyeupe. Monita ya studio ipo kwenye 1.8, kwa hiyo mhariri anaona asilimia 18.5. Ni mwanga mwingi kupita kiasi, karibu mara moja na nusu. Mhariri ana jicho zuri na anajua bibi harusi alivyo. Anaona uso umepauka, anavuta toni za kati chini mpaka shavu lifanane na alivyomwona ukumbini. Ili monita yake itoe ile asilimia 12.8 iliyo sahihi, namba inabidi ishuke kutoka 100 hadi 81. Anahifadhi, anatuma. Kwa mteja, ambaye simu yake inafuata mkunjo wa kawaida, 81 inatoa asilimia 8 tu. Uso umepoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wake, na mhariri hakukosea hatua hata moja kwa kile alichokiona.

Angalia mwelekeo wa kosa, maana huwachanganya watu. Monita iliyopausha picha imezaa chapisho lililo giza. Kinyume chake pia ni kweli: mhariri mwenye monita ya 2.6 anaona nyuso zimezama, anazipandisha, na kwake 100 inakuwa 115 au 116. Kwa wengine shavu linatoa asilimia 17.5, ngozi inakuwa kama imepakwa poda. Kwa hiyo ukiona kazi zako zote zinatoka giza, shuku monita inayoonyesha toni za kati zikiwa na mwanga wa ziada. Usishuku iliyo giza.

Swali linalofuata ni kwa nini chaguo zote hizo zipo, kama moja tu ndiyo ya kawaida. Sehemu ya jibu ni historia. Kompyuta za Macintosh kwa miaka mingi zilifanya kazi kwa 1.8, ili skrini ikaribiane na kilichotoka kwenye printa za kurasa za wakati huo, na Apple haikuhamia 2.2 mpaka mwaka 2009, kwenye toleo la Mac OS X 10.6. Ndiyo maana bado kuna monita ambazo chaguo zake zimeandikwa PC na MAC, ingawa Mac ya leo inataka ileile ya PC. Sehemu nyingine ni chumba. Kwa televisheni ya ubora wa juu inayotazamwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kiwango cha BT.1886 cha mwaka 2011 kinatumia 2.4, kwa sababu gizani jicho linaona utofauti wa rangi umepungua na mkunjo mkali zaidi unaurudisha. Na sehemu ya tatu ni gemu. Mchezaji anataka kumwona adui aliyejificha kivulini, wala hajali kama kivuli kinafanana na kivuli.

Ila hizo namba kwenye menyu ni lebo, si vipimo. Hapa inafaa tuingie ndani ya monita kidogo. Skrini bapa za leo hazina bunduki ya elektroni, zina fuwele za kimiminika zinazojipinda zikipewa volti, zikiachia mwanga wa taa ya nyuma upite kwa wingi au kwa uchache. Zikiachwa zenyewe, fuwele hizo hazifuati kipeo chochote. Uhusiano wa volti na mwanga wake ni kama herufi S: polepole mwanzoni, haraka katikati, polepole tena mwishoni. Ili skrini iigize mkunjo wa zamani, monita ina jedwali ndani yake linalosema namba hii ikiingia, toa volti hii. Kila chaguo la gama kwenye menyu ni jedwali jingine. Kiwanda kinachouza kwa bei ya chini hutengeneza jedwali moja kwa toleo zima, na vipande vya skrini havitoki vikiwa sawa kabisa. Basi chaguo lililoandikwa 2.2 linaweza kukupa 2.0 kwenye monita yako na 2.3 kwenye ya jirani. Nyingine hata namba hazina, zinaandika Gamma 1, Gamma 2, Gamma 3, na kitabu cha maelezo hakisemi kipi ni kipi.

Kwa bahati nzuri, huhitaji kifaa cha kupimia ili ujue ulipo. Kuna jaribio ambalo halitegemei namba ya menyu wala ukali wa taa ya nyuma, na linafanyika kwa kivinjari cha mtandao. Wazo lake ni hili. Ukichora mistari myembamba sana, mmoja mweupe na mmoja mweusi ikipokezana, kisha ukasogea mbali mpaka jicho lisiweze kuitenganisha, jicho linaona kijivu. Kijivu hicho kinatoa nusu kamili ya mwanga wa nyeupe, kwa sababu nusu ya mistari inawaka yote na nusu haiwaki. Gama haina neno hapo, maana tumetumia 0 na 255 peke yake, miisho ambayo haiguswi. Pembeni yake weka kijivu cha kawaida, kisicho na mistari, ubadilishe namba yake mpaka vifanane. Namba hiyo ndiyo itakayokusimulia mkunjo wa monita yako.

Fungua programu ya kuandikia maandishi ya kawaida, andika haya, uhifadhi kwa jina linaloishia na `.html`, kisha ulifungue faili kwa kivinjari:

```html
<div style="display:flex;height:300px">
<div style="flex:1;background:repeating-linear-gradient(#000 0 1px,#fff 1px 2px)"></div>
<div style="flex:1;background:rgb(186,186,186)"></div>
</div>
```

Kabla hujaangalia, hakikisha kivinjari kiko kwenye ukubwa wa asilimia 100, na mfumo wa kompyuta haujakuza skrini kwa asilimia 125 au 150. Ukiuacha hivyo, mistari itachanganywa na programu kabla haijafika kwenye skrini na jaribio litakudanganya. Dalili yake ni mawimbi au michirizi minene kwenye upande wa mistari. Zima pia kile kinachobadilisha taa yenyewe kulingana na picha, na urudishe ukali wa kingo, ulioandikwa Sharpness, mahali pake pa kiwandani. Iache monita iwake nusu saa.

Sasa kaa mbele ya skrini, macho yakiwa usawa wa katikati yake, kisha rudi nyuma mita mbili au tatu mpaka mistari iyeyuke. Ukifumba macho nusu inasaidia. Kama pande mbili zimeungana na mpaka kati yao umepotea, monita yako ipo kwenye 2.2 au karibu kabisa. Kama upande wa kijivu kisicho na mistari unaonekana na mwanga zaidi, gama yako iko chini ya 2.2. Ukiwa giza zaidi, iko juu. Badilisha 186 zote tatu, upakie ukurasa upya, urudi tena nyuma. Zikifanana kwenye 173 au 174, upo kwenye 1.8. Kwenye 180 ni 2.0, kwenye 191 ni 2.4, na kwenye 195 ni 2.6. Anayependa hesabu atumie logi: gama ni logi ya 0.5 ikigawiwa kwa logi ya namba uliyoipata chini ya 255.

Jaribio hilo linapima pointi moja tu ya mkunjo, na mkunjo unaweza kuwa sawa hapo ukawa umepinda chini yake. Ngozi nyeusi na vivuli viko chini ya hapo, kwa hiyo jaribio la pili lina thamani yake. Badala ya mstari mmoja mweupe kwa mmoja mweusi, weka mmoja mweupe kwa mitatu myeusi, utapata robo ya mwanga. Sehemu ya mistari kwenye faili inakuwa `#fff 0 1px,#000 1px 4px`, na kijivu cha kulinganisha kwa gama ya 2.2 ni 136. Kwa 1.8 ni 118. Monita ikikupa 2.2 kwenye nusu na 1.9 kwenye robo, jedwali lake si la kuaminika kwa kazi ya nyuso hata kama lebo inasema vizuri.

Ukishajua ulipo, pitia chaguo za menyu moja baada ya nyingine ukiwa na ukurasa huo umefunguliwa, uchague lile linalofanya pande mbili ziungane, liwe limeandikwa vyovyote. Mimi ningekubali 2.3 kwenye monita yenye lebo ya 2.4 kuliko 1.9 kwenye lebo ya 2.2, na sioni haja ya kuionea lebo aibu.

Kuna mtego mmoja kwenye njia hiyo. Gama haikai kwenye monita peke yake. Programu ya kadi ya picha ina kitelezo chake cha gama, na mifumo ya Windows na Mac ina njia ya kusawazisha skrini inayopakia jedwali jingine ndani ya kadi kabla namba hazijafika kwenye waya. Kitelezo cha kadi huanzia 1.00, na kinakwenda kinyume na menyu ya monita: ukikipandisha picha inapata mwanga, ilhali kwenye monita namba kubwa inaleta giza. Majedwali hayo mawili hayapuuzani, yanazidishana. Kadi ikiwekwa 1.20 na monita ikawa kwenye 2.2, unachokiona ni 2.2 ikigawiwa kwa 1.2, yaani 1.83. Hapo mtu anahangaika na menyu ya monita wiki nzima kumbe tatizo liko kwenye kadi. Rudisha kadi kwenye 1.00 na uondoe usawazishaji wa zamani kwanza, hasa kama ulifanywa kwa monita ambayo imeshauzwa, kisha ndipo upime.

Si kila uso ulioharibika umeharibiwa na gama, hata hivyo, na njia ya kutofautisha ni kutazama miisho. Taa ya nyuma ikiwa chini mno, kila kitu kinafifia kwa uwiano uleule, nyeupe ikiwemo. Kebo ya HDMI nayo ina kisa chake: televisheni hutumia namba kuanzia 16 hadi 235, kompyuta hutumia 0 hadi 255, na vifaa viwili visipoelewana utaona nyeusi imekuwa kijivu kama moshi, au vivuli vyote vimezibwa kuwa nyeusi moja. Tiba yake ni chaguo la Full au Limited kwenye kadi au kwenye skrini, na gama haitaifikia hata ukiizungusha mara ngapi. Pembe ya kutazamia ni mdanganyifu mwingine. Kwenye skrini za bei nafuu za aina ya TN, inamisha kioo kidogo uone kijivu kinavyopanda na kushuka mwanga. Kwenye aina ya VA, uso ulio mbele yako moja kwa moja unaweza kuwa giza kidogo kuliko ulio pembeni ya skrini. Ukiona hivyo, matokeo ya jaribio la mistari ni ya pale ulipokaa tu.

Hata monita iliyopita jaribio ina mahali ambapo 2.2 na mkunjo wenyewe wa sRGB haviendi pamoja. Kanuni ya sRGB si kipeo kitupu. Chini kabisa ina kipande kilichonyooka, na juu yake kipeo cha 2.4 kilichosogezwa kidogo, kwa jumla ukipata kitu kinachokaribia 2.2. Kwa 128 tofauti haionekani: asilimia 21.6 dhidi ya 22. Lakini shuka hadi namba 16, kwenye mikunjo ya suti nyeusi au nywele zilizosukwa, uone sRGB inataka asilimia 0.52 ya mwanga wakati 2.2 tupu inatoa 0.23, chini ya nusu. Monita ya 2.2 iliyo sahihi kabisa itaficha baadhi ya vilivyomo humo, na ile iliyo na chaguo la sRGB inaweza kuvionyesha, ijapokuwa chaguo hilo mara nyingi hufunga taa ya nyuma usiweze kuigusa. Kwenye ofisi yenye dirisha kubwa yote haya hayana maana, kwa sababu mwanga unaoakisiwa na kioo ni mwingi kuliko unaotoka kwenye vivuli. Sogeza meza, au funga pazia, kabla ya kubishana na sehemu za mia.

Zinabaki picha zilizokwisha kuhaririwa. Kama umegundua kwamba studio imekuwa kwenye 1.8 kwa muda, albamu hizo zinaweza kurudishwa bila kuanza upya, kwa sababu kosa lina hesabu. Kila namba inapandishwa kwa kipeo cha 1.8 chini ya 2.2, yaani 0.82, na ile 81 ya shavu inarudi kuwa 100. Kwenye GIMP au Photoshop fungua Levels, uache pembe za nyeusi na nyeupe zilipo, kisha kwenye kisanduku cha kati andika 1.22, ambayo ni 2.2 ikigawiwa kwa 1.8. Kwa monita iliyokuwa kwenye 2.6, andika 0.85. Tumia gama uliyoipima kwa mistari na uachane na ile ya lebo, kisha chapisha picha moja kwanza, iliyo na nyuso za rangi mbalimbali. Njia hii inatengua tu kile ambacho jicho liliamua kwenye picha nzima. Pale mhariri alipoongeza mwanga kwa brashi kwenye uso mmoja peke yake, uso huo utapanda pamoja na wengine na itabidi urudi kuushughulikia kwa mkono.